Nondo 32 zilizopungua ndani ya ukomo: kisa cha stoo ya vifaa vya ujenzi

Stoo hii iko Dar es Salaam, upande wa Buguruni. Inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla: nondo, bati, misumari, rangi, mabomba, vitasa na vitu vingine vingi, jumla aina 640 kwenye kompyuta. Mwisho wa Desemba walifunga milango wakahesabu kila kitu. Kompyuta ilionyesha mali ya shilingi milioni 412, na hesabu ya mikono ikatoa upungufu wa shilingi milioni 1.1 tu, yaani asilimia 0.27. Mwenye mali akaridhika, na kompyuta ikarekebishwa ifuate hesabu. Januari na Februari malalamiko yakaendelea vilevile: muuzaji anaangalia kompyuta, anamwambia mteja bati zipo, mteja analipa, gari linaingia uani, bati hazipo. Nilipoitwa mwezi Machi, mwenye mali alikuwa na swali moja. Kama stoo ni sahihi kwa zaidi ya asilimia 99, bati zinakwenda wapi?

Jibu lilikuwa kwenye karatasi zake mwenyewe za Desemba. Ile milioni 1.1 ilikuwa ni kilichobaki baada ya upungufu na ziada kufutana. Bidhaa zilizopungua zilifikia shilingi milioni 9.7, na zilizozidi zilifikia milioni 8.6. Ukitoa moja kwa nyingine unapata milioni 1.1. Ukizijumlisha bila kujali ishara unapata milioni 18.3, ambayo ni asilimia 4.4 ya mali yote. Mhasibu anaihitaji namba ya kwanza kwa ajili ya mizania, na hana kosa. Lakini mteja aliyekuja kuchukua bati hafidiwi na vitasa vilivyozidi kwenye rafu ya pili. Anayeendesha stoo anatakiwa kuuliza swali lingine: kati ya rekodi nilizozikagua, ni ngapi zinazosema kweli? Hesabu yake ni hii:

```
usahihi wa rekodi (%) = rekodi zilizo ndani ya ukomo ÷ rekodi zilizohesabiwa × 100
```

Hapa kila rekodi inapata ndiyo au hapana. Ziada ya bidhaa moja haiwezi kuokoa upungufu wa nyingine. Na kabla ya kuanza, ni lazima mkubaliane ukomo ni nini: tofauti kubwa kiasi gani kati ya hesabu na kompyuta bado itahesabiwa kuwa ni sawa.

Mtunza stoo, mzee mmoja aliyekaa pale tangu duka lilipofunguliwa, alikuwa na pendekezo tayari. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, weka asilimia 5 kwa vitu vyote, tufanye kazi." Nilimwonyesha maana yake. Nondo za milimita 12 zilikuwa kama 2,000 uani, na kwenye kompyuta kila moja ilithaminiwa shilingi 22,000. Asilimia 5 ni nondo 100, shilingi milioni 2.2 ambazo zingeweza kuondoka bila mtu kuulizwa. Kwa upande mwingine, pampu za maji zilikuwa 9. Asilimia 5 ya 9 haifiki hata nusu ya pampu, kwa hiyo ukomo ule ule usingeruhusu kitu kabisa. Asilimia ileile kwa vyote inalegea pale penye wingi, na penye uchache haina maana yoyote.

Ukomo niliouamini mimi unaanzia mahali pengine: je, kitu hiki kinahesabikaje? Kama bidhaa inahesabika kipande kimoja kimoja na ina bei, hakuna sababu ya kuikubalia tofauti yoyote. Pampu, vitasa, bati na milango vikapewa sifuri. Kwa vingine tulifanya jaribio. Tulichagua muda ambao hakuna kinachoingia wala kutoka, tukatuma timu mbili kuhesabu kitu kile kile, kila timu bila kuona majibu ya mwenzake wala namba ya kompyuta. Tofauti kati ya timu mbili haiwezi kuwa wizi wala kosa la kompyuta. Ni udhaifu wa kuhesabu tu. Kwenye misumari iliyopimwa kwa mizani, timu zilipishana kwa kilo 5 kati ya 400, yaani asilimia 1.25. Tukaweka ukomo wa asilimia 1.5. Kwenye nondo, ambazo wakati ule zilikuwa zimelazwa ovyo uani, walipishana kwa 8 kati ya 2,000, asilimia 0.4. Tukaweka 0.5, sawa na nondo 10. Skrubu na washa za rejareja zikapewa asilimia 5, ila kwa sharti kwamba tofauti isizidi shilingi 20,000. Ukiweka ukomo mdogo kuliko udhaifu wa kuhesabu, utawatuma watu kuchunguza makosa ya macho yao wenyewe. Ukiuweka mkubwa mno kuliko huo, umefungua mlango.

Jambo dogo linaloleta ubishi: asilimia inapigwa juu ya nini? Sisi tulipiga juu ya namba ya kompyuta. Pale kompyuta iliposema sifuri na kitu kipo, rekodi ilihesabiwa kuwa mbovu moja kwa moja, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri, na kwa muuzaji huo ndio uongo wa wazi kabisa.

Tukachukua bidhaa 120. Kutoka kundi la juu, zile chache zinazobeba sehemu kubwa ya fedha, tulichukua 20. Kundi la kati 35. Kundi la chini 65. Kundi la juu tulilichukua kwa wingi kuliko uwiano wake makusudi, kwa hiyo majibu yanafaa kusomwa kundi kwa kundi. Yalikuwa hivi: kundi la juu rekodi 12 kati ya 20 zilikuwa ndani ya ukomo, la kati 26 kati ya 35, la chini 58 kati ya 65. Asilimia 60, 74 na 89. Kwa ujumla 96 kati ya 120, asilimia 80. Na kumbuka kompyuta ilikuwa imerekebishwa Desemba. Miezi mitatu ilitosha kuiharibu tena, na palipoharibika zaidi ni kwenye mali ya thamani, ile inayoingia na kutoka kila siku.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuamua tufanye nini na zile rekodi 24 zilizoshindwa. Hapa ndipo stoo nyingi huanza kumtazama mlinzi. Hatua ya kwanza ni kuhesabu upya, na ahesabu mtu mwingine, bila kuonyeshwa jibu la kwanza. Rekodi 5 zilirudi sawa: bidhaa zilikuwa zimewekwa sehemu mbili na mhesabuji aliona moja tu. Hayo ni makosa ya kuhesabu, si ya rekodi, kwa hiyo tulizirudisha upande wa zilizo sawa. Usahihi ukawa 101 kati ya 120, asilimia 84.

Zikabaki 19. Kati yake 8 zilikuwa na ziada iliyotokana na desturi ambayo kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaijua. Mteja analipia mzigo wote leo ili bei isije ikapanda, kisha anauacha uani na kuuchukua kidogo kidogo kadiri fundi anavyojenga. Kompyuta imeshautoa siku ya malipo, lakini mzigo bado umelala pale. Mhasibu alitaka hizi 8 zihesabiwe kuwa sahihi, kwa kuwa risiti zipo na kila kitu kinaelezeka. Mimi nilikataa, na hadi leo nashikilia hivyo. Muuzaji anayeingia uani haoni risiti, anaona bati. Akipata mteja wa haraka atazitoa hizo hizo, na siku mwenyewe akija na gari ndipo tunapata yale malalamiko yaliyoniita. Tofauti inayoelezeka bado ni tofauti. Dawa yake ilikuwa kutenga eneo kwa kamba, kuandika jina la mteja na namba ya risiti kwenye kila mzigo, na kufungua kwenye kompyuta sehemu inayoitwa mali ya wateja. Wakati wa kuhesabu, eneo hilo linahesabiwa peke yake.

Nyingine 6 zilikuwa ni vipimo. Vitasa vilinunuliwa kwa kartoni na kuuzwa kimoja kimoja, na siku karani mpya alipopokea mzigo aliandika 4 akimaanisha kartoni, kompyuta ikasoma vitasa 4. Dalili ya kosa la namna hii ni ukubwa wake. Tofauti inagawanyika sawasawa kwa idadi ya vipande vilivyomo kwenye kartoni ukitoa kimoja. Ukiona ziada ya 44 kwenye kitu kinachokuja 12 kwa kartoni, kabla ya kufikiria lolote jiulize: kartoni 4 ni vipande 48, na 48 kutoa 4 ni 44.

Rekodi 3 zilikuwa ni kuchanganya bidhaa zinazofanana. Bati za geji 30 zilipungua 40 kamili, za geji 28 zikazidi 40 kamili. Namba mbili zinazolingana, ishara tofauti, bidhaa ndugu: hapo usitafute mtu, tafuta karatasi yenye 40. Tuliipata. Hati ya mzigo ilisema bati za mita 3, bila geji, na karani akachagua jina la kwanza aliloliona kwenye orodha. Hizi ndizo tofauti zilizokuwa zinafutana kwenye hesabu ya Desemba na kuifanya ionekane nzuri. Rekodi ya tatu ilikuwa rangi ya lita 4 iliyoandikwa kwa jina la ndoo ya lita 20.

Mbili zilizosalia hatukuzipatia sababu. Tulizifuatilia hadi mwisho wa siku mbili, kisha mwenye mali akasaini zifutwe. Zote mbili kwa pamoja zilikuwa chini ya shilingi 60,000, na karani mmoja kufukua risiti za robo mwaka kwa wiki nzima kungegharimu zaidi ya hapo. Uchunguzi nao uwe na ukomo.

Mpaka hapo kisa ni cha kawaida. Kilichonifanya nikiandike kilianza baada ya hapo, na kilihusu rekodi ambayo haikuwa miongoni mwa zile 24.

Tulikubaliana kuhesabu bidhaa 40 za kundi la juu kila Jumamosi jioni, baada ya mauzo kufungwa na risiti zote kuingizwa. Nondo zilipangwa upya kwa mafungu yaliyofungwa, kila fungu likiwa na kibao cha idadi. Jumamosi ya kwanza nondo za milimita 12 zilipungua 4. Ukomo ni 10, kwa hiyo rekodi ni sahihi. Karani akauliza kama arekebishe kompyuta au aiache, maana tumeshasema ni sawa. Nilimwambia arekebishe, ila aandike tofauti pamoja na ishara yake kwenye daftari la pembeni. Ukiacha bila kurekebisha, tofauti ndogo zitalundikana mpaka zitoke nje ya ukomo, na siku hiyo utahangaika na kosa la wiki nyingi kwa pamoja. Ukirekebisha bila kuandika, unafuta ushahidi kila Jumamosi kwa mkono wako.

Jumamosi ya pili zilipungua 6. Kisha 5, kisha 7, kisha 4, kisha 6. Kila wiki rekodi ilihesabiwa kuwa sahihi, na kila wiki ilistahili kuhesabiwa hivyo. Lakini kwa wiki 6 zilikuwa zimeondoka nondo 32, shilingi 704,000 kwa bei ya kompyuta, bila hata siku moja kuvuka ukomo.

Ukomo unajibu swali moja tu: je, namba hii inatosha kuuzia leo? Haujibu kama kuna kitu kinachovuja. Kwa swali la pili inabidi utazame mwelekeo. Kama tofauti zinatokana na kuhesabu tu, kupungua au kuzidi ni kama kurusha sarafu, na kupata upande uleule mara 6 mfululizo hutokea takriban mara 1 kati ya 32. Kwa kweli nafasi ni ndogo zaidi ya hapo. Ukirekebisha kompyuta ifuate hesabu, kosa la kuhesabu hujirudisha: nondo 5 ulizoziruka wiki hii bado ziko uani, na wiki ijayo zitatokea kama ziada. Upungufu unaofuatwa na upungufu, tena na tena, si macho ya mhesabuji. Ndiyo maana tuliweka kanuni kwamba bidhaa ikikosea upande mmoja mara 6 mfululizo ichunguzwe, hata kama kila mara iko ndani ya ukomo. Tulifikiria mara 4, tukaona kwa bidhaa 40 tungekimbizana na vivuli kila mwezi.

Maneno ya wizi yalianza. Wapakiaji ndio waliotajwa kwanza, kama kawaida. Yule mzee wa stoo akasema kwa sauti ya kuumia, "Nondo ya mita 12 utaipitishia wapi, mfukoni?" Alikuwa na hoja, lakini hoja haitoshi. Njia ya kutenganisha sababu ni kuuliza tofauti inatembea pamoja na nini. Mali ikiibwa au ikikosewa wakati wa kuuza, upungufu hupanda wiki zenye mauzo makubwa, au hautegemei chochote. Kama kosa liko mlangoni wakati wa kupokea, upungufu utapanda wiki zenye mizigo mikubwa. Tukaweka namba mbili mbili. Wiki hizo 6 zilipokelewa tani 7, 10, 8, 12, 7 na 10. Upungufu ulikuwa 4, 6, 5, 7, 4 na 6. Mauzo ya wiki hizo yalipanda na kushuka kwa namna nyingine kabisa. Jumla ni nondo 32 kwa tani 54, karibu nondo 0.6 kwa kila tani iliyoingia.

Kiwanda kinauza nondo kwa tani, stoo inauza kwa nondo. Karani alipokea hati inayosema tani 10, na kompyuta ikabadilisha kuwa nondo 940, kwa kuwa mtu fulani zamani aliweka nondo 94 kwa tani. Namba hiyo haikutoka hewani. Nondo ya milimita 12 kwa kawaida huchukuliwa kuwa na kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo nondo ya mita 12 ni kilo 10.66, na tani ina nondo 93.8. Waliikadiria kwa namba nzima ikawa 94. Kukadiria huko peke yake kunakula nondo kama 1 hadi 2 kwa tani 10. Zilizobaki zinatokana na chuma chenyewe. Viwango vya nondo vinaruhusu uzito wa kila mita uzidi au upungue kwa asilimia kadhaa, na mzigo huu ulikuwa mzito kidogo. Tulipofungua mafungu ya tani 10 zilizofuata na kuhesabu moja moja kabla ya kupokea, zilikuwa 934. Hiyo ni nondo ya wastani wa kilo 10.71, zaidi ya kawaida kwa karibu asilimia nusu, na kwa kiwanda hilo halina kasoro. Mwenye mali alipata kila kilo aliyolipia. Hakuwahi kupata nondo 940.

Kwa hiyo hakuna nondo iliyopotea, na kulikuwa na jambo lingine lililokuwa limejificha. Gharama ya kila nondo ilikuwa inakokotolewa kwa kugawanya bei ya tani kwa 94, wakati ukweli ni 93.4. Kila nondo ilimgharimu zaidi ya alivyodhani kwa asilimia 0.6 hivi. Kwenye bidhaa ambayo faida yake ni nyembamba, hilo linaingia kwenye bei, na alilitazama kwa makini kuliko zile 704,000.

Utaratibu ulibadilika sehemu mbili. Nondo sasa zinapokelewa kwa kuhesabiwa, hati ya tani inabaki kwa ajili ya kumlipa msambazaji, na gharama inagawanywa kwa idadi iliyoonekana. Mzigo mwepesi utakuja siku moja na kuleta ziada, na utaratibu uleule utaupokea. Badiliko la pili ni la ukomo wenyewe. Tulikuwa tumeuweka 0.5 wakati nondo zimetawanyika na timu zinapishana kwa 8. Baada ya mafungu na vibao, timu zilipishana kwa 1 au 2, lakini hakuna aliyekumbuka kuushusha. Tulipoushusha hadi 0.2, yaani nondo 4, upungufu wa Jumamosi ya pili tu ungetosha kuibua swali. Tangu hapo, mpangilio wa bidhaa ukibadilika, jaribio la timu mbili linarudiwa.

Mwisho wa Juni tulichukua tena bidhaa 120 kwa mgawanyo uleule. Kundi la juu 19 kati ya 20, la kati 32 kati ya 35, la chini 62 kati ya 65: jumla 113, asilimia 94. Ile moja ya kundi la juu ilikuwa waya wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo na kukatwa kutoka kwenye roli. Umepungua kila mara tangu Aprili, unatembea na mauzo na si na mapokezi, na karani ameanza kupima upya kila kipande anachokata kabla mteja hajaondoka.